Tarehe 19 ya kila mwezi

Kompyuta yangu ilizima wiki moja kabla ya kukabidhi ripoti ya muhula. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema ubao mama umeungua. Nilipotoka pale nilikuwa bado nimetulia, kwa sababu nilizikumbuka zile dola 400.

Kaka yangu ndiye aliyeziweka kwenye akaunti yangu ya benki ya nyumbani, mwezi mmoja kabla sijasafiri kuja kusoma Ujerumani. Alinipa risiti ya benki mkononi, akasema, "Hizi usiziguse, mdogo wangu. Ni za siku ya shida." Sikuzigusa. Nilipita vipindi vigumu, nikashinda na maji na mkate, lakini sikuzigusa.

Ili niingie kwenye akaunti ile, benki hutuma namba ya siri kwenye laini yangu ya nyumbani. Laini hiyo niliitoa kwenye simu tangu wiki ya kwanza nilipofika huku, nikaifunga kwa karatasi na kuiweka ndani ya pasipoti. Jioni ya tarehe 21 Juni niliirudisha kwenye simu. Namba ikaja. Nikaingia.

Salio: 286.81.

Nilitoka, nikaingia tena, nikidhani nimefungua akaunti nyingine. Ikasoma vilevile. Nikafungua taarifa ya akaunti na kuanza kushuka nayo. Kulikuwa na jina la kampuni nisiyoijua, na mbele yake dola 9.99. Chini yake, senti 30 za kubadilisha fedha. Kisha jina lilelile tena, na tena. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo: mara kumi na moja.

Niliamini nimeibiwa. Nilipiga simu benki usiku uleule huku sauti ikitetemeka, nikamwambia mhudumu afunge kadi. Alikuwa mama mtu mzima kwa sauti yake, naye hakuwa na haraka. Aliniuliza, "Mwanangu, hebu soma tarehe." Nikasoma: 19 Juni, 19 Mei, 19 Aprili. "Endelea." 19 Machi, 19 Februari. Akasema, "Mwizi akiipata kadi anakomba zote siku moja. Huyu anayekuja tarehe moja kila mwezi ulimkaribisha mwenyewe. Ulijiunga na nini mwezi wa nane?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwezi wa Agosti nilikuwa na hofu ya Kijerumani kuliko hofu ya ndege. Nilipakua programu ya kujifunzia lugha, ile yenye picha za rangi na kengele inayolia ukipata jibu. Siku saba zilikuwa za bure, ila ili uanze walitaka namba ya kadi. Niliiweka. Nakumbuka nimekaa kitandani usiku nikirudia *der Tisch, die Tür, das Fenster*, meza ya kiume, mlango wa kike, dirisha lisilo upande wowote, na nikishangaa nani aliyegawa. Ilinisaidia kweli, siwezi kusema vinginevyo. Siku ya nane makato ya kwanza yalipita, na ujumbe wa benki ulikuja, lakini ulizama katikati ya jumbe za viza, za tiketi na za watu wa kuniaga.

Nilipofika, chuo kilitupa kozi ya lugha yenye mwalimu na wanafunzi wenzangu. Programu niliiacha mwisho wa Septemba. Desemba simu ilipojaa, niliifuta kabisa ili nipate nafasi. Moyoni nilijua tumeachana.

Mhudumu alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua kwa miaka yote niliyotumia simu: ukifuta programu, umefuta picha yake kwenye simu tu. Mkataba wa malipo hauko ndani ya simu. Uko kwenye akaunti yako ya duka la programu, na huko unaendelea kupumua hadi uende mwenyewe ukaukatishe. Akaongeza kwamba hata kuyapinga makato kupitia benki kungekuwa kugumu, kwa sababu ruhusa niliitoa mimi. "Kaombe kwanza kwa waliokukata," alisema. "Ila katisha usiku huu, usilale nalo."

Nikaenda kwenye mipangilio ya simu, nikabonyeza jina langu, kisha `Subscriptions`. Ilikuwa pale, peke yake, na chini yake tarehe ya makato yajayo: 19 Julai. Nilibonyeza `Cancel`, ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Nilipiga picha ya kioo kikionyesha kwamba usajili umekatishwa.

Risiti zote zilikuwa zimekwenda kwenye barua pepe yangu ya zamani, ambayo nenosiri lake nilikuwa nimeshalisahau. Nilipofanikiwa kuifungua nilikuta barua kumi na moja za malipo, na katikati yake barua nyingine nyingi za programu yenyewe ikinililia kwamba imenikosa, nirudi darasani. Zile ziliniuma. Walijua sipo. Walikuwa na tarehe ya somo langu la mwisho, 27 Septemba, na bado kila tarehe 19 walikata.

Nilikaa na kuandika. Sikudai zote kumi na moja, maana ya Agosti na Septemba niliyatumia na nilijifunza. Nilidai tisa. Kwa duka la programu nilijaza fomu ya kurudishiwa fedha, na kwa kampuni nikaandika hivi:

"Ninaomba kurudishiwa malipo ya Oktoba hadi Juni. Somo langu la mwisho lilikuwa tarehe 27 Septemba, kama kumbukumbu zenu zinavyoonyesha. Ninafahamu kwamba sikukatisha usajili, na hilo ni kosa langu. Lakini kwa miezi tisa hamkunipa huduma yoyote, na mlijua kuwa siitumii. Mimi ni mwanafunzi, na fedha hizi niliwekewa kwa dharura. Nimeambatanisha risiti na picha ya usajili uliokatishwa."

Duka lilirudisha ya Juni baada ya siku mbili, kwa kuwa ilikuwa bado mbichi. Kampuni ilijibu baada ya wiki moja, ikarudisha miezi mitatu "kwa nia njema" na kufunga mjadala. Niliandika tena mara mbili. Jibu halikubadilika. Senti 30 za kila mwezi hakuna aliyezigusa.

Kabla sijaandika madai hayo nilimpigia kaka. Ningeweza kumficha, naye asingejua kamwe, lakini kila nilipofikiria kunyamaza nilimwona akihesabu zile noti kabla ya kuzipeleka benki. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umeshaikatisha?" Nikamjibu ndiyo. "Una picha?" Nikasema ninayo. "Nitumie." Nikamtumia. Baada ya dakika kumi alinipigia akicheka kwa uchungu: na yeye alikuwa ameingia kwenye simu yake kutazama, akakuta ana mbili.

Ripoti niliimalizia kwenye kompyuta za maktaba, nikikaa hadi wanazima taa.

Tarehe 19 Julai nilifungua akaunti asubuhi, nikaifungua mchana, na usiku kabla ya kulala nikaifungua tena. Dola 326.77. Nikaitoa laini ya nyumbani ili niirudishe kwenye pasipoti, nikaishika kidogo kiganjani, kisha nikairudisha kwenye simu.