Ripoti ya Ziara ya Jiografia: Mto Zigi, Kisiwani hadi Lanzoni

Kidato cha Sita, mchepuo wa Jiografia. Ziara: Jumamosi, 9 Agosti 2025. Wanafunzi 28, walimu 2.

Ripoti imeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu nakala mbili zinakwenda kwa serikali za vijiji vilivyotupokea, nao ndio wenye uwezo wa kutekeleza sehemu ya mapendekezo.

Kwa nini Zigi

Zigi huanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, hupita Muheza na kumwaga maji Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji la Tanga. Kabla ya kufika baharini huzuiwa na bwawa la Mabayani, ambako jiji hupata maji yake. Ni mto mfupi, kwa hiyo darasa linaweza kuona sehemu ya juu na ya chini kwa siku moja. Isitoshe, tope linaloingia mtoni kule juu hushuka kuelekea bwawa hilohilo.

Tulitaka kujua mambo matatu: kiasi cha maji kinachopita katika kila kituo, jinsi mzigo wa mto (mawe, mchanga, tope) unavyobadilika, na hali ya kingo. Agosti ni baada ya masika na kabla ya vuli, hivyo vipimo vyote ni vya maji machache.

Njia zilizotumika

Vituo vilikuwa viwili. Kituo A kiko Kisiwani, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kituo B kiko Lanzoni. Kabla ya kuingia majini tuliwauliza wenyeji kuhusu mamba na vina vilivyojificha. Kila aliyeingia alivaa buti za mpira kwa sababu ya kichocho, na kamba ilifungwa kwenye miti ya kingo zote mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia maji yanapopita kiuno.

Upana ulipimwa kwa utepe wa mita 30 uliovutwa kukata mto kwa pembe mraba. Utepe ukilegea katikati, upana huongezeka kwa uongo, kwa hiyo wawili walivuta na wa tatu akasoma. Kina kilipimwa kwa fito iliyochorwa sentimita, kila mita 1 kituo A na kila mita 2 kituo B. Fito isomwe upande wa ubavuni: upande unaokabili mkondo maji hupanda, upande wa nyuma hushuka, na tofauti hufika sentimita 3.

Kasi ilipimwa kwa chungwa. Muheza hakuna uhaba wa machungwa, na ni chelezo bora kuliko chupa tupu: sehemu kubwa huzama, hivyo upepo hausukumi, na rangi yake huonekana hata kwenye tope. Lisimenywe, maana bila ganda huzama. Liachiwe mita 2 kabla ya mstari wa kuanzia ili liwe limeshika mwendo wa maji saa inapowashwa. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo kasi iliyopatikana ilizidishwa kwa 0.8 kituo A (sakafu ya mawe) na 0.85 kituo B (mchanga).

Mteremko ulipimwa kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, uleule wa fundi uashi. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira kinaharibu kipimo chote. Tope lilipimwa kwa mrija mwangavu wa mita 1 wenye alama ya msalaba chini: mimina maji taratibu hadi msalaba upotee, kisha soma kimo.

Tulichokiona

Kituo A, saa 3:15 asubuhi. Upana mita 6. Vina kutoka ukingo hadi ukingo: 0, 0.18, 0.31, 0.42, 0.38, 0.22, 0. Eneo la mkato ni mita za mraba 1.51. Chungwa lilikwenda mita 10 kwa sekunde 17, 19, 18 na 18. Jaribio moja la sekunde 31 lilitupwa kwa kuwa chungwa lilinasa kwenye jiwe. Wastani ni sekunde 18, yaani mita 0.56 kwa sekunde, na baada ya kuzidisha kwa 0.8 ni 0.44. Mtiririko: mita za ujazo 0.67 kwa sekunde. Mteremko ulikuwa sentimita 24 katika mita 10. Msalaba ulionekana hadi mrija ulipojaa.

Kituo B, saa 7:40 mchana. Upana mita 14. Vina: 0, 0.35, 0.62, 0.88, 0.95, 0.71, 0.40, 0. Eneo mita za mraba 7.82. Chungwa lilitumia wastani wa sekunde 61 kwa mita 20. Kasi iliyorekebishwa ni 0.28. Mtiririko: mita za ujazo 2.18 kwa sekunde. Msalaba ulipotea sentimita 27. Mteremko haukupimika: tofauti ya sentimita 1 katika mita 20 ni ndogo kama kosa la mpira wenyewe.

Jambo lililozua ubishi ni kasi. Kanuni ya darasani husema kasi ya wastani huongezeka kadiri mto unavyoshuka. Vipimo vyetu vinasema kinyume. Hatudhani kanuni imevunjika. Kituo B tulikichagua kwa sababu kilifikika kwa gari, na ni sehemu ya maji yaliyotulia juu kidogo ya kona. Mita 60 chini yake maji yalikuwa yakienda haraka kwa macho tu. Kosa ni la uchaguzi wa kituo.

Joto lilikuwa nyuzi 21 kituo A na 26 kituo B, lakini moja ni la asubuhi na jingine la mchana, hivyo tofauti hiyo isitumike kueleza lolote kuhusu mto.

Mawe 30 ya kituo A yalikuwa na wastani wa sentimita 14, mengi yakiwa na pembe. Ni vipande vya miamba metamofiki ya milimani. Kituo B kulikuwa na mchanga, na ukingo wa nje wa kona umekatwa wima kama ukuta. Migomba, magimbi na mahindi yamefika mita 4 hadi 11 kutoka majini. Palipokuwa na mikuyu na matete, ukingo haukuwa umemomonyoka.

Mapendekezo

Kwa vijiji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Kung'oa mazao ya watu kwa mkupuo kutaleta ugomvi na udongo mtupu kabla ya vuli. Waanze na ukingo wa nje wa kona, ambako mto unakula zaidi: wapande matete msimu huu, mikuyu nyuma yake, na mahindi yasirudiwe hapo baada ya mavuno. Mifugo inyweshwe kwenye hori mbali na mto, kwani njia ya kwato ndiyo mfereji wa tope mvua ikinyesha. Tope likiongezeka bwawani, shabu ya kusafishia maji ya jiji nayo huongezeka.

Kwa shule: ziara irudiwe mwishoni mwa vuli, kwa vituo vitatu, cha tatu kikiwa chini ya kona ya Lanzoni. Joto lipimwe vituo vyote saa ileile, kwa makundi mawili yenye vipimajoto vilivyolinganishwa asubuhi kwenye ndoo moja. Mvua ikinyesha milimani, hata kama Lanzoni kuna jua, kazi ya majini isimame.