Ombi: nusu saa kwa mwezi, kwa miezi mitatu, kuhusu maamuzi ya saiti

Shikamoo Mhandisi Mwanaidi,

Naitwa Yusufu. Nilikuwa miongoni mwa wahandisi vijana waliohudhuria semina yako ya usimamizi wa zege mwezi uliopita, na ndiye niliyeuliza kuhusu majibu ya siku ya 7. Muda ulikuwa umekwisha, ukanijibu kwa ufupi kwamba tarakimu moja haitoshi kuamulia, mpaka ujue saruji ilikuwa ya aina gani na vipimo vilitunzwaje. Tangu siku ile nimelifanyia kazi jibu hilo, na ndilo lililonipa ujasiri wa kukuandikia.

Nina mwaka wa pili saiti. Kwa sasa nafuatilia ubora wa zege kwenye jengo la ghorofa nne, chini ya mhandisi mkazi ambaye ana miradi mingine miwili, kwa hiyo mara nyingi mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi. Ninachokuomba ni unilee kitaaluma kwa kipimo kidogo: mazungumzo matatu ya simu, moja kila mwezi, kila moja lisizidi nusu saa. Baada ya la tatu tunafunga.

Nieleze kwa mfano kitu ninachotaka kujifunza. Kwenye slabu ya ghorofa ya pili, zege la daraja la 25, vipimo vitatu vya siku ya 7 vilitoa wastani wa 14 N/mm². Nilitarajia 16 au 17, yaani takribani theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Fundi mkuu alikuwa ameshapanga vijana wa kung'oa mirunda waipandishe juu, na alikuwa na haki ya kuharakisha, maana ratiba ilikuwa inambana. Nilipofungua daftari la stoo nikaona shehena ya mwisho ya saruji ilikuwa ya pozolana, si ile ya kawaida tuliyoanza nayo, na hiyo huchelewa kupata nguvu siku za mwanzo. Nilimpigia mhandisi mkazi, tukakubaliana mirunda ibaki, nami nikaandika sababu kwenye daftari la saiti. Siku ya 28 majibu yakaja 27.

Lakini hadi leo sijui kama niliamua vyema au nilibahatika. Je, ingekuwa 12 badala ya 14, ningesubiri vilevile? Ni wakati gani mtu huacha kusubiri akaagiza zege lenyewe likatwe sampuli? Viwango ninavyo na ninavisoma. Kinachonipiga chenga ni namna mtu mzoefu anavyopima mambo hayo huku watu kumi wamesimama wakimsubiri aseme neno.

Kila mazungumzo nitayatanguliza kwa ukurasa mmoja, utakaokufikia siku tatu kabla: tukio moja la saiti, nilichoamua au ninachofikiria kuamua, na swali moja. Ukikosa nafasi ya kuusoma, nitakusimulia kwa dakika tano. Muda uchague wewe. Kwangu Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi ni rahisi zaidi, ila naweza kujipanga hata jioni za katikati ya wiki. Kupiga simu ni juu yangu.

Niseme pia nisichoomba, maana najua maombi ya namna hii huwa yana mkia. Siombi kazi wala barua ya kunipendekeza. Sitakutumia michoro uipitie, na jina la mradi sitalitaja. Maamuzi ya jengo hili yanabaki kwa mhandisi mkazi na mhandisi mshauri wetu, na sitasimama saiti nikasema wewe ndiye uliyeniambia. Mhandisi mkazi nimemwarifu kwamba nakuandikia, hana pingamizi.

Ukiona miezi mitatu ni mingi, hata mazungumzo ya mara moja yatanifaa, tuanze na hilo la siku ya 7. Na kama ratiba yako hairuhusu kabisa, "sitaweza" peke yake inatosha, huna haja ya kunieleza sababu. Nisipopata jibu ndani ya wiki mbili nitaelewa, wala sitakukumbusha.

Nimeambatanisha ukurasa wa kwanza uone ninavyoandika. Mna jedwali la vipimo vya slabu hiyo, tarehe za kumwaga zege na aina ya saruji ya kila shehena. Safu ya joto la maji ya kutunzia vipimo ina mapengo wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa kipimajoto kilikuwa bado hakijaletwa.

Ahsante kwa muda wako, na kwa semina ile.

Wako mtiifu,
Yusufu
Mhandisi msaidizi wa saiti