Pendekezo la Kutangaza Biashara Zetu kwa Pamoja

Kwa mwenye duka la kahawa, jirani yetu,
Mbale.

Ndugu,

Tunapendekeza biashara zetu mbili zitangazwe kwa pamoja kwa majaribio ya miezi mitatu. Wanaonunua mikate na mandazi kwetu asubuhi hutuuliza mara kwa mara wapate wapi kahawa nzuri, nasi huwaelekeza kwako kwa mdomo tu. Hoteli na ofisi unazozipelekea arabika ya Mlima Elgon nazo, bila shaka, huhitaji vitafunio.

Kila mkate wetu utoke na kikaratasi cha punguzo la shilingi 1,000 kwa nusu kilo ya kahawa yako, nawe utie chetu katika kila mfuko unaouza, kila upande ukigharimia punguzo la bidhaa yake. Uchapaji na bango moja la pamoja tumekadiria shilingi 400,000, tugawane nusu kwa nusu.

Jumamosi asubuhi tungeweka meza ya kuonja mbele ya duka letu: keki ya ndizi ikiwa bado na joto, na kahawa iliyokaangwa wiki hiyo hiyo, kwa maana iliyokaa sana hupoteza harufu, na harufu ndiyo itakayowasimamisha wapita njia.

Vikaratasi vitakavyorudi tuvihesabu pamoja kila mwisho wa mwezi. Namba za simu za wateja zisibadilishwe kati yetu, kwani kila mteja alimwamini aliyempa.

Ukiridhia, tukutane Jumanne saa kumi jioni dukani kwetu tuandikiane makubaliano.

Wako katika biashara,
Mwenye duka la mikate