TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE: UMEME UTAZIMWA JUMAPILI, 14 JUNI 2026

Ndugu wapangaji,

Jumapili, tarehe 14 Juni 2026, umeme utazimwa jengo zima hapa Upanga, kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Tunabadilisha swichi kuu, ambayo imekuwa ikipata moto kupita kiasi, na kukaza viungio vyote vya ubao mkuu wa umeme.

Jenereta nayo haitawaka, kwa sababu swichi ya kubadilisha umeme iko kwenye ubao huohuo. Kwa hiyo msitegemee lifti, viyoyozi wala intaneti. Lifti zitasimamishwa saa 12:45 asubuhi ili asinaswe mtu ndani. Pampu za maji hazitafanya kazi pia. Kingeni maji Jumamosi jioni.

Kabla ya kuondoka Ijumaa, zimeni kompyuta na seva kwa utaratibu wake, kisha chomoeni plagi. Wenye dawa au chakula kwenye friji wahamishe mapema. Nyaya zote zihesabiwe kuwa na umeme muda wote, hata taa zikiwa zimezimika. Jenereta ndogo ni marufuku ndani na kwenye korido: moshi wake unaua. Mishumaa pia hapana.

Umeme utarudi ghorofa moja baada ya nyingine. Subirini dakika 15 kabla ya kuwasha viyoyozi.

Mwenye kifaa cha tiba kisichoweza kuzimwa aje ofisi ya matengenezo, ghorofa ya chini, kabla ya Alhamisi saa 10:00 jioni.

Mhandisi wa Jengo