Muhtasari wa Kazi: Afisa wa Uchukuzi na Ugavi, Kisumu

Kwa miaka 7 nimesimamia mizigo kutoka bohari ya Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Oda iliyochukua siku 4 sasa hufika kwa 2, kwani niliacha kungoja lori lijae: huondoka saa kumi alfajiri, likapita Salgaa na Mau Summit kabla barabara haijafungana. Malori yaliyokuwa yakirudi matupu sasa hubeba mchele wa Ahero. Gharama ya mafuta kwa tani imeshuka asilimia 18. Nina wasambazaji 23, wote kwa mkataba. Mmoja alizoea kuleta magunia pungufu. Siku hizi mzigo wake hupimwa getini, dereva akiangalia mizani. Karatasi za forodha za Busia huzijaza mimi mwenyewe.