Kukataa kwa Sudi: Mhusika na Maudhui ya Ukombozi katika Tamthilia ya Kigogo

Kiswahili, Karatasi ya Tatu (102/3)
Mtihani wa mwigo, Kidato cha Nne, Nairobi

Swali: "Mtawala wa Sagamoyo hutangulia kutoa kabla ya kupiga." Kwa kumrejelea mhusika Sudi, jadili jinsi kauli hii inavyojenga maudhui ya ukombozi katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. (Alama 20)

Jibu

Katika tamthilia ya Kigogo, jimbo la Sagamoyo linatawaliwa na Majoka, mtu ambaye jina lake lenyewe ni majazi, kwa kuwa humkumbusha msomaji joka linalojizungusha kwenye windo lake taratibu kabla ya kulibana. Ndivyo anavyotawala. Anawapa watu keki, fedha, kazi, vibali na hata ahadi ya mchumba, na wale wasionaswa na vitu hivyo ndio hufungiwa, huvunjwa mifupa au huuawa. Sudi, mchongaji wa vinyago katika soko la Chapakazi, ni mhusika ambaye zawadi hizi zote zinamfikia kwa zamu, naye anazikataa moja baada ya nyingine. Insha hii inashikilia kwamba ukombozi wa Sagamoyo unaanzia katika kukataa huko, muda mrefu kabla ya umati kukusanyika kwenye lango la soko.

Msimamo wa Sudi unadhihirika tangu Tendo la Kwanza. Yeye, Boza na Kombe wanafanya kazi katika karakana moja wakati jimbo linajiandaa kwa sherehe za miaka 60 ya uhuru. Kenga, mshauri wa Majoka, anawafikia akiwa na keki ya uhuru. Boza na Kombe wanaila. Sudi anaikataa kwa sababu anaiona kuwa makombo ya mlo ambao wakubwa wamekwisha kuula. Keki hapa ni jazanda ya rasilimali za nchi, kwani uhuru uliotarajiwa kumlisha kila raia umekatwa vipande, vikubwa vikabaki kwa watawala na vidogo vikaletwa karakanani kwa watu wenye njaa ili washukuru. Sudi hana shibe kuwashinda wenzake. Tofauti yake nao ni kwamba anauliza kipande hicho kimetoka wapi na kimeletwa kwa nini, na udadisi huo ndio unaomfanya mhusika mwenye utambuzi.

Tukio hilo hilo linatuonyesha kwamba Sudi ni msanii mwenye uadilifu. Kenga anataka achonge kinyago cha shujaa ambaye utawala unataka kumtukuza katika sherehe, na malipo anayoahidiwa ni makubwa kwa mtu anayeishi kwa kuuza vinyago. Sudi anakataa, na badala yake anachonga kinyago cha mwanamke ambaye kwake ndiye shujaa halisi wa Sagamoyo. Mwandishi amechagua kazi ya mhusika huyu kwa makini. Kinyago hubaki baada ya watu kuondoka, nacho huwaambia wanaozaliwa baadaye nani alistahili heshima. Iwapo Sudi atakubali kuchonga anachoagizwa, historia ya jimbo itakuwa imeandikwa na mkono wake kwa amri ya Majoka. Anapokataa, anailinda kumbukumbu ya watu wake, na kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito zaidi aliyopewa mhusika huyu, kwa sababu inapanua maana ya ukombozi kutoka mambo ya chakula na kodi hadi haki ya jamii kumtaja shujaa wake yenyewe.

Aidha, Sudi ni jasiri, na ujasiri wake si wa mtu asiyejua hatari. Anaelewa kwamba Jabali, aliyethubutu kumpinga Majoka, aliuawa kwa njama. Anajua kwamba soko la Chapakazi limefungwa ilhali wafanyabiashara walikuwa wakitozwa kodi na uchafu hauzolewi, na kwamba Majoka amenuia kujenga hoteli ya kifahari mahali pale. (Msomaji wa Nairobi aliyewahi kununua nguo Gikomba au mboga Muthurwa haoni shida kuelewa maana ya soko kufungwa: jioni hiyo hiyo sufuria haziinjikwi.) Pamoja na kuyajua haya, Sudi anaandamana na Tunu, kiongozi wa harakati za kuupinga utawala, hadi mangweni kwa Mamapima kuwahimiza walevi wajiunge na harakati. Huko wanakejeliwa na Ngurumo, mmoja wa walevi hao, anayeona kwamba maisha yamekuwa mazuri tangu soko lifungwe, kwa kuwa Mamapima ana kibali cha kuuza pombe haramu na wateja wamefurika. Kibali hicho nacho ni zawadi ya utawala. Kinawanyamazisha watu wengi kwa gharama ndogo, kwa sababu mlevi hahitaji kupigwa ili asiandamane.

Hata hivyo, mtihani mkubwa wa Sudi hautokei karakanani wala mangweni. Unatokea nyumbani kwake. Ashua, mkewe, ni mwanamke msomi ambaye aliuza maembe sokoni hadi soko lilipofungwa. Watoto wanapolala njaa, anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Majoka anamtaka kimapenzi, Ashua anakataa, Husda, mke wa Majoka, anaingia na kuwakuta, vurugu inazuka, na Ashua anatiwa kizuizini. Mtego unakuwa umefungwa: Sudi akichonga kinyago, mkewe ataachiliwa. Zawadi inayotolewa safari hii ni mke wake mwenyewe.

Sudi hachongi. Ashua, akiwa kizuizini na amechoshwa na umaskini, anamdai talaka. Wapo wasomaji wanaomhukumu Sudi hapa kuwa ni mtu mkaidi anayependa harakati kuliko familia, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Ni kweli kwamba uamuzi wa Sudi unalipiwa na Ashua na watoto ambao hawakuulizwa, na mwandishi hakuificha gharama hiyo. Amempa Ashua sauti kali inayomuuma mumewe, naye msomaji anaisikia kuwa ya haki. Lakini tukiutazama mtego wenyewe, tunaona kwamba aliyemfunga Ashua ni Majoka, na kwamba mtawala anayeweza kumfunga mke wa mtu ili kupata kinyago ataweza kumfunga tena kesho ili kupata kingine. Kukubali mara moja kungemfundisha Majoka bei ya Sudi. Zaidi ya hayo, Ashua mwenyewe alikataa kabla ya mumewe kutiwa katika jaribio hili, kwa maana alikuwa ofisini akiwa na njaa, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumpa kila kitu, na hakuuza utu wake. Kwa hivyo mume na mke wanapozozana wanazozana wakiwa upande mmoja bila kujua, na hilo ndilo linaloufanya mgogoro wao kuwa wa kusikitisha.

Sifa ya Sudi inang'aa zaidi anapolinganishwa na wenzake wa karakana. Boza anakula keki, anakubali kuchonga, na anamwona Sudi kuwa mtu anayejitafutia matatizo. Si katili. Ni mtu wa kawaida aliyeamua kwamba siasa za wakubwa hazimhusu na kwamba kazi ni kazi. Kwa kumchora hivyo, mwandishi anaonyesha kwamba udhalimu haudumishwi na akina Kenga pekee, bali pia na mafundi wa kawaida wanaochonga bila kuuliza. Kombe naye alionja keki lakini baadaye anajiunga na Sudi na Tunu. Badiliko lake ni dogo katika mtiririko wa tamthilia, ila lina maana, kwa kuwa linathibitisha kwamba kukataa kwa mtu mmoja kunaweza kumfikia jirani yake pasipo hotuba.

Tunu ndiye kiongozi wa harakati na ni lazima atajwe, kwa sababu bila yeye Sudi angebaki mtu mwenye msimamo mzuri katika karakana yake. Naye pia anaanza kwa kupewa. Majoka anataka aolewe na mwanawe, Ngao Junior, na Tunu anakataa. Baada ya zawadi kushindwa ndipo kipigo kinapokuja: anavamiwa usiku baada ya kutoka mangweni na kuvunjwa mfupa wa muundi. Mfuatano huu wa ahadi kisha jeraha unaithibitisha kauli ya swali vizuri kuliko tukio lolote jingine. Uhusiano wa Tunu na Sudi unakamilishana. Tunu anawaita watu watoke, naye Sudi anawaonyesha kwamba mtu anaweza kutoka, kupoteza mengi, na asirudi nyuma. Haishangazi kwamba kinyago anachokichonga kinamwelekea mwanamke huyu, katika jimbo ambalo Ngurumo anaona aibu kumpigia mwanamke kura.

Kuhusu mbinu, mwandishi ametumia kinaya kuyaendeleza maudhui haya. Sherehe za uhuru zinaandaliwa katika jimbo ambalo mama hana uhuru wa kuuza maembe. Ngurumo, aliyeufurahia utawala na kuwacheka wapinzani, ananyongwa na chatu wa utawala huo huo. Ngao Junior, aliyeandaliwa kuwa bwana harusi wa kumnyamazisha Tunu, anakufa kwa sumu ya nyoka, mali inayomtajirisha baba yake. Vinaya hivi vinaonyesha kwamba zawadi za Majoka huwarudia wanaozipokea, na hata anayezitoa.

Mwishoni, siku ya sherehe inapofika, wananchi wanakusanyika kwenye lango la soko la Chapakazi pamoja na Tunu, huku upande wa Majoka ukibaki na watu wachache mno. Mamapima, aliyepokea kibali, anaomba msamaha mbele ya watu. Kenga, aliyebeba keki hadi karakanani, anamwacha bwana wake. Majoka, akiwa hana tena cha kumpa mtu yeyote, anabaki na mkono wa kupiga peke yake, na anamwamuru Kingi, mkuu wa polisi, awafyatulie wananchi risasi. Kingi anatazama umati, kisha anafanya kile ambacho mchongaji mmoja alikifanya mbele ya kipande cha keki katika Tendo la Kwanza. Anakataa.