YAH: OMBI LA KUFUTIWA ADHABU YA KUCHELEWA KULIPA KODI, AWAMU YA PILI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 24 Juni nilifika dirisha namba 3, fedha ya awamu ya pili nikiwa nayo, nikauliza mwisho wa kulipa. Afisa akageuza karatasi yangu ya makadirio, akaandika kwa kalamu nyekundu "Mwisho 31/7", akagonga muhuri wa tarehe. Fedha ile nikanunulia saruji ya dukani.

Nililipa kodi yote tarehe 18 Julai. Ndipo nikaambiwa mwisho ulikuwa 30 Juni, na nadaiwa adhabu ya shilingi 75,000.

Kodi siikatai. Naomba nifutiwe adhabu, maana nilifuata maandishi ya ofisi yako. Naambatisha nakala ya karatasi hiyo, pande zote mbili, pamoja na risiti. Karatasi halisi ninayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi